Karatasi ya Kakao ya Mama Emérence

Siku Lévi Muyisa alipomwona Mama Emérence Kahongya mara ya kwanza, mama huyo alikuwa amesimama mlangoni mwa sekretaria ya Ananie, duka la kuchapa na kutoa nakala, hapa Butembo, akinusa kiganja chake mwenyewe. Kiganjani mlikuwa na mbegu chache za kakao. Alinusa, akakunja uso, akanusa tena, kana kwamba mbegu zimemwambia neno naye hakulisikia vizuri. Kisha akazitia mfukoni, akaingia.

Lévi alikuwa nyuma ya fotokopi, mahali pake pa siku zote. Ananie, shemeji yake, ndiye aliyechapa barua za watu na kuongea na wateja. Lévi alilisha mashine karatasi, akazipanga, akazibana. Kazi hiyo ilimfaa, kwa kuwa mashine haikuulizi habari za nyumbani. Alikuwa mtu wa makamo, ametoka Alimbongo, kule kwenye baridi na viazi, na shule yake iliishia msingi. Hakuwa mjinga wala hakuwa na kiburi. Alikuwa na haya tu. Mtu akimtazama sana, maneno yake yalirudi tumboni.

"Papa, nitolee hii," Mama Emérence alisema, akimpa flashi, kile kidude cha kuhifadhia kazi za kompyuta. "Unitolee sita-sita ku karatasi moya."

Lévi aliitikia kwa kichwa. Zilikuwa diapo, zile kurasa za mafunzo ambazo watu hutupia mwanga ukutani kwa projekta, huku mwalimu amesimama kando akieleza. Mama Emérence aliwafundisha wakulima wa upande wa Oicha namna ya kuchachusha kakao na kuikausha. Aliifanya kazi hiyo miaka mingi, akibeba projekta mgongoni kama mtoto. Lakini msimu ule, kwa ukosefu wa usalama, njia ya Oicha haikuwa tena njia ya watu wa ofisi. Alikuwa amerudishwa Butembo na ofisi yake, akae, angoje. Kakao yenyewe haingoji.

"Donc miye nitabakia huku," alimwambia Ananie, "na makaratasi itaenda. Itapanda bisi mupaka Beni, kiisha pikipiki mupaka kwa bamama. Kila kitu kiko mule ndani."

Mashine ilianza kutema. Diapo zilikuwa na rangi ya kahawia nzito nyuma ya maandishi, na kwa wino mweusi ile kahawia iligeuka usiku. Ukurasa mmoja ulikuwa na picha tatu zimelaliana, moja juu ya nyingine, kama watoto katika kitanda kimoja. Lévi aliinua karatasi ile kwenye mwanga. Aliona mkono, akaona koleo la mbao, akaona kitu kama jani. Hawa watu wanafanya nini? alijiuliza. Hakumuuliza mtu. Alifikiri wenye kazi yao wanajua.

Karatasi zikaenda.

Mama Emérence aliporudi, mvua ya kwanza ya msimu ilikuwa imekwisha kuanza. Safari hii hakusimama mlangoni. Alikuja moja kwa moja mpaka kwenye mashine, akafungua kifuko, akakiweka chini ya pua ya Lévi.

"Nusa, papa."

Lévi alinusa. Alingojea harufu ya chakula. Alichopata kilikuwa harufu ya kituo cha malori, dizeli na lami.

"Mazuti," alisema, akashtuka kusikia sauti yake mwenyewe.

"Mazuti! Na goudron!" Mama Emérence alipiga makofi, si kwa furaha, si kwa hasira. "Ananie, sikia mambo. Kikundi ya Mama Jokébed, kule Oicha, banaanika kakao ku barabara. Ku barabara ya bakamio, ya malori! Miaka yote banaanikaka ku vitanda vya miti. Miye ninauliza: Jokébed, nani anawaambia hivi? Ananijibu: ni weye, mama. Iko ku karatasi."

"Na iko?" Ananie aliuliza.

Ilikuwako. Ukurasa wa mwisho, picha iliyotoka safi kuliko zote: kakao imetandazwa barabarani, wanawake wawili wanaigeuza kwa reki, hakuna neno hata moja chini yake. Ukutani, picha hiyo ilipotokea, Mama Emérence alikuwa akishika kiuno na kuuliza, "Nani kati yetu anafanya hii?" Watu wakacheka, wakanyoosheana vidole, kisha yeye akaeleza jinsi kakao inavyokunywa harufu. Kicheko kile hakikupanda bisi kwenda Beni.

Lévi aliona jinsi mama yule alivyokuwa akiitazama karatasi. Mtu mwingine angeitupa, au angemlaumu Jokébed kwa kutotumia akili. Yeye aliigeuza huku na huku kama fundi anayetafuta pancha.

"Munene wa kununua, ule mukubwa Jean-de-Dieu, anarudisha magunia yote," alisema polepole. "Anasema atapima mara moya tena, mavuno hii yenye kuya. Kama ni mubaya, anaacha kile kikundi. Bamama batarudilia kuuzisha kakao mbichi kwa bakomisioneri, madalali ba njiani, ku bei ya kulia. Nimejaribu telefone. Réseau inakatika, mumoya anasikia, anaelezea mwenzake, kule mwisho inakuya habari ingine." Akainua macho. "Papa Lévi, weye unajua kakao?"

"Hapana, mama. Kwetu ni viazi."

"Unajuaka kusoma?"

"Kidogo."

"Basi ni weye nilikuwa natafuta."

Ananie alicheka mpaka akavua miwani. "Mama, umekosa mutu? Huyu hata njaa hasemi!"

"Ndiyo muzuri. Nyie benye kusema mingi munabunibuni."

Alileta karanga za duka la jirani ziwe kakao, na makatoni mawili ya karatasi yawe masanduku ya kuchachushia. Alimpa Lévi ile karatasi ya kwanza. Sheria ilikuwa moja: afanye kile tu ambacho karatasi inasema, asiongeze akili yake. Naye Mama Emérence hangesema neno. Alitia pipi kinywani ili ulimi upate kazi, akakaa na kalamu.

Lévi alisoma kwa sauti ndogo. "Kuchachusha. Sanduku. Majani. Geuza: siku 2, siku 4." Akamimina karanga kwenye katoni la kwanza. Akasimama.

"Nigeuze nini? Sanduku?"

Mama Emérence alinyoosha kidole kwenye karatasi.

"Karatasi haisemi."

Kalamu ikaandika.

Lévi aliliinua katoni zima, akaligeuza chini juu. Karanga zikamwagika sakafuni mpaka chini ya mashine. Ananie alishika tumbo. Mama Emérence alifumba macho, pipi ikagonga meno, lakini hakusema. Aliandika tena, muda mrefu.

"Siku ya pili kutoka lini?" Lévi aliuliza, sasa akiwa amesahau haya, maana jambo lenyewe lilikuwa limeanza kumwasha. "Kutoka kuvuna, ao kutoka kutia mu sanduku? Na haya majani ni ya nini? Yanaenda chini ao juu?"

Kila swali lilikuwa tundu, na kila tundu Mama Emérence alikuwa akiliziba kwa mdomo wake, miaka yote, bila kujua kwamba anaziba. Ukutani aliandika "Geuza", halafu mikono yake ikaonyesha mengine: unachota kakao kutoka sanduku hili unaitia katika lile, ya chini inakuwa juu, ya pembeni inakuja katikati, ili yote ipate joto na hewa. Neno lilibaki kwenye diapo. Mikono ilirudi naye Butembo.

"Eh!" alisema alipotema pipi. "Diapo si mafunzo. Diapo ni msumari ya kutundikia mafunzo. Miye nilituma misumari kwa Jokébed, nikabakia na nguo."

Tangu siku hiyo alikuja karibu kila alasiri. Ananie alimwachia kompyuta, naye alianza upya. Kila diapo aliiuliza: ningesimama hapa ningesema nini? Kisha akayaandika maneno hayo, si kwa ufupi wa ukutani bali kwa sentensi nzima, kwa Kiswahili cha watu watakaoyasoma. Palipokuwa na kichwa "Kuchachusha" aliandika: "Tia kakao mu sanduku ya mbao siku ile ile unaitoa mu maganda. Siku hiyo ni siku ya mwanzo. Funika na majani ya ndizi juu, ili joto isitoke." Halafu, chini yake: "Kiisha siku mbili, hamishia kakao yote mu sanduku ya pili. Ya chini inakuwa juu. Funika tena. Kiisha siku mbili zingine, fanya vile vile. Siku ya sita, toa, anika."

Zile picha zilizolaliana, Lévi sasa alipata jibu lake: ukutani zilikuja moja baada ya nyingine, kila moja ikiifuta iliyotangulia. Karatasi haifuti. Mama Emérence alizitenganisha, akazipanga mstari mmoja, moja, mbili, tatu. Sinema fupi iliyokuwa kati ya diapo, ya wanawake wakihamisha kakao, aliisimamisha mara tatu, na kila aliposimamisha alichora alichoona kwa mistari minene, kwa sababu Lévi alimwambia kwamba picha za kamera zikipita kwenye fotokopi nyuso zinazama. Rangi ya nyuma ilitolewa, karatasi ikabaki nyeupe.

Ile picha ya barabara ilimchukua siku nzima. Kwanza aliipiga msalaba mnene.

"Sasa inatosha," Ananie alisema.

"Mais msalaba ni nini kwa mutu? Kwa mukristo si ni baraka?" Mama Emérence alijibu, na Ananie akacheka. "Na kama ukurasa unakatika, unafungia sabuni, picha inabakia bila msalaba?" Mwishoni aliitoa kabisa. Mahali pake alichora kitanda cha miti cha kuanikia, na chini yake maneno: "Hapa tu. Hapana ku barabara, juu kakao inakunywa harufu ya mazuti, na munene atairudisha."

Akaongeza ukurasa ambao haukuwa na diapo yake. Ulikuwa wa maswali ambayo akina mama walimuuliza kila mwaka, hata kabla hajafunga projekta. Mvua ikinyesha tukiwa tumeanika? Nitajuaje imekauka? "Shika ngumi ya kakao, finya. Kama inalia kama kuni kavu, imekauka."

Jaribio la pili lilikwenda vizuri mno. Lévi alisoma, akahamisha karanga, akafunika, akahamisha tena, hakukwama popote. Ananie alipiga meza. "Imeisha! Tuchape!"

Lévi alibaki ameshika karatasi. Kulikuwa na jambo. Alitazama viatu vyake, akatazama mashine. Mwishowe akasema, kwa sauti ya mtu anayeomba maji nyumba ya wageni:

"Mama, pardon. Unanisaidia na nyusi."

"Na nini?"

"Nyusi. Nikitaka kukosa, zinapanda. Minaziona. Minabadilisha."

Mama Emérence alijigusa paji la uso. Kicheko kilimtoka taratibu, kisha kikawa kikubwa. "Kumbe nikingali mu chumba! Nimefunga kinywa, nyusi zinafundisha!" Akachukua mwavuli wake. "Ninatoka."

"Unaenda wapi? Mvua iko inanyesha!" Ananie alisema.

"Kule ng'ambo, kwa muuza makala. Mafunzo itafanyika bila miye ao haitafanyika."

Akavuka barabara, akasimama chini ya mabati ya muuza makaa, mgongo amewageuzia. Ndani, Lévi alianza upya. Sasa hapakuwa na uso wa kusoma, karatasi tu, na alishangaa jinsi karatasi ilivyo kimya. Alisoma polepole zaidi. Alifika mahali pa kupima. Mama Emérence alikuwa ameacha mbegu za kweli mezani, zimepasuliwa kwa kisu, za aina mbili. Karatasi ilisema: "Angalia rangi. Kahawia kama picha A ni nzuri. Zambarau kama picha B haijachacha vizuri."

Lévi alitazama picha A. Alitazama picha B. Zote mbili zilikuwa kijivu.

Alizigeuza upande wa dirisha. Kijivu. Alitazama mbegu za mezani, zilitofautiana, ndiyo, lakini ipi ni A na ipi ni B? Zambarau ya mtu mmoja ni kahawia ya mwingine, hasa jioni, hasa ndani ya nyumba ya mabati. Hapo hapo alielewa kwamba huu ndio ukurasa ambao Jean-de-Dieu ataupima kwa kisu chake, akipasua mbegu. Mengine yote yakiwa sawa, lakini huu ukiwa umekufa, Jokébed hatajua kama sanduku lake limefanikiwa mpaka aambiwe hapana.

Alitoka, akaingia mvuani bila mwavuli. Ananie alisimulia baadaye kwamba hajawahi kumwona shemeji yake akikimbia.

"Mama! A na B biko kitu moya!"

Mama Emérence hakuelewa mpaka aliporudi na kuona mwenyewe. Kwenye kioo cha kompyuta, ile moja ilikuwa kahawia ya kupendeza na nyingine zambarau. Kwenye fotokopi, mapacha. Alikaa. Kwa mara ya kwanza Lévi alimwona amechoka. "Rangi ndiyo kila kitu," alisema. "Miaka yote ninaonyesha rangi. Na mashine ya rangi hatuna."

Mvua ilipiga mabati. Mama Emérence alizichukua mbegu mbili, moja katika kila kiganja, akafumba macho kidogo, akayafumbua nusu, kama mtu anayetaka kuona ulimwengu usio na rangi. Aliziangalia hivyo kwa muda. Kisha akachukua kalamu kutoka nyuma ya sikio la Lévi, bila kuomba, akaanza kuchora.

Mbegu ya kwanza aliichora imejaa mipasuko, mito na vijito, kama udongo wa kiangazi. Ya pili aliichora laini, imeshikamana, kama sabuni iliyokatwa.

"Iko vile," alisema kwa mshangao, akizilinganisha na za kiganjani. "Iko vile siku zote. Ile imechacha vizuri, inafunguka ndani, inapasukapasuka. Ile haijachacha, inabakia bapa. Niliijua. Ni kwa sababu rangi inasemaka mbele, sikuipatiaka hii nafasi ya kusema."

Lévi aliisukuma michoro kwenye mashine. Ikatoka. Ukiitazama ukiwa umesimama mlangoni, uliona tofauti. Chini yake waliandika: "Pasua mbegu na kisu. Ikiwa na mipasuko ndani kama udongo mukavu, ni nzuri. Ikiwa bapa kama sabuni, mara yenye kuya isitoke mu sanduku kabla ya siku ya sita, na uigeuze vizuri."

Jioni hiyo Mama Emérence alisimama tena ng'ambo, na Lévi akasoma kutoka mwanzo mpaka mwisho, akatenga mbegu zote, nzuri upande huu, mbaya upande ule, wala hakukosea hata moja. Alimpungia Mama Emérence mkono kupitia dirishani. Yeye alijifanya hamwoni, eti bado hayumo.

Walichapa kijitabu cha kurasa nane, karatasi mbili zilizokunjwa katikati na kubanwa mgongoni. Hapo Lévi alikuwa nyumbani: ukurasa wa nane ukae kando ya wa kwanza, wa pili kando ya wa saba, vinginevyo ukikunja, kakao inakauka kabla ya kuvunwa. Herufi zilikuwa kubwa, maana kule, Mama Emérence alisema, miwani moja inasomea watu wengi. Nyuma kabisa palikuwa na nafasi ya namba ya telefone ya mtu wa kuulizwa. Mama Emérence aliandika yake.

Vijitabu vikapanda bisi. Baada ya hapo palikuwa na kungoja tu, na Lévi, ambaye maisha yake yote hakuwahi kungoja habari za kakao, alijikuta anauliza madereva wa Beni kama kuna jua Oicha.

Kifuko kilikuja na dereva wa bisi, kimefungwa kwa uzi wa gunia. Mama Emérence hakukifungua mpaka alipofika kwenye mashine. Alikiweka chini ya pua ya Lévi kama mara ile.

"Nusa."

Haikuwa mazuti. Ilikuwa chachu kidogo, na nyuma yake kitu kama mkate.

Lévi alipasua mbegu mwenyewe. Ndani, mito na vijito. Nyingine, vile vile. Katikati ya mbegu mlikuwa na kijikaratasi cha Jokébed: Jean-de-Dieu amepasua, ameangalia, amechukua magunia yote, na amesema atarudi. Na kwamba vikundi viwili vya jirani vimekuja kuomba kijitabu, naye amekataa kukitoa, wakae wakisome hapo hapo kwake.

"Anasema nini tena?" Ananie aliuliza.

"Anasema hakupiga telefone juu hakukuwa kitu ya kuuliza." Mama Emérence alikunja kijikaratasi. "Sijui nifurahi ao nilie. Banafanya yote bila miye."

"Mama, si ndiyo ulitaka?"

"Ndiyo nilitaka," alisema, akacheka huku akijipangusa jicho.

Haukupita muda mrefu, ofisi yake ikamhamishia Kasindi, kwa wakulima wengine, karibu na mpaka. Alipokuja kuaga, vijitabu vipya vilikuwa vinatoka mashinani. Alifuta namba yake kwenye ukurasa wa nyuma, akaandika ya Jokébed. "Ule amefanya kwa mikono ndiye wa kuulizwa," alisema. Pikipiki ilikuwa inamngoja nje, projekta imefungwa nyuma kwa mpira.

Lévi alimbebea boksi la vijitabu. Akalifunga vizuri. Akakaza tena fundo ambalo halikuhitaji kukazwa. Alikuwa na neno, na neno lilikuwa tayari linarudi tumboni, kama siku zote. Dereva akawasha pikipiki.

"Mama," Lévi alisema. "Utarudia huku siku gani?"

Nyusi zikapanda. Mama Emérence aliufikia mfuko wake, akatoa kijitabu, akakifungua ukurasa wa kwanza, wa pili, wa tatu, akijifanya anatafuta kwa bidii, mpaka wa mwisho. Akakifunga, akamtazama.

"Iyo haiko ku karatasi, Papa Lévi," alisema. "Umefanya vizuri kuuliza."